Kijani Kinachong'ang'ania Shavuni

Watu wakitazama video iliyorekodiwa mbele ya kitambaa cha kijani husifu kilichowekwa nyuma: uwanja uliofurika mashabiki, studio yenye meza ya kioo, Kilimanjaro na theluji yake. Mimi macho yangu hukimbilia sikio la msemaji, kisha mstari wa taya, kisha bega. Hapo kwenye ukingo ndipo mtu alipotolewa chumba kimoja akabandikwa mahali pengine, na hapo ndipo utajua kama aliyeshika kazi ni fundi au ni mtu mwenye apu tu.

Apu yenyewe haijui mtu ni nini. Kila nukta ya picha kwake ni namba tatu, yaani nyekundu, kijani na bluu, kila moja kati ya 0 na 255, na swali lake kuu ni moja: kijani hapa kimezizidi rangi nyingine mbili kwa kiasi gani? Kitambaa kilichomulikwa vizuri kinaweza kusomeka nyekundu 60, kijani 170, bluu 70. Kijani kimezidi kwa 100, basi nukta hiyo ifutwe. Shavu la mtu mweusi linaweza kusomeka 110, 78, 58. Hapo kijani hakijaifikia hata nyekundu, basi nukta ibaki. Ncha za nywele, ambako nywele na kitambaa vinagawana nukta moja, huangukia katikati na kufutwa nusunusu. Apu hutofautiana katika namna ya kupiga hesabu, lakini wazo la kutazama tofauti ya rangi ni la zamani. Petro Vlahos alilifanyia kazi kwa ajili ya filamu ya Ben-Hur ya mwaka 1959, enzi za pazia la bluu na mikanda ya filamu iliyosafishwa kwa kemikali.

Ukishaielewa hesabu hiyo, utaelewa kwa nini fundi mzuri anaanza na pasi ya nguo. Chukua mkunjo mmoja kwenye kitambaa kilekile. Kivuli chake kimepunguza mwanga kwa nusu, kwa hiyo sasa tunasoma 30, 85, 35. Jicho lako linaona kijani kilekile chenye giza kidogo, lakini tofauti imeshuka kutoka 100 hadi 50, na kwa apu huo mkunjo umekuwa nusu kitambaa, nusu mtu. Utauona baadaye ukielea nyuma ya msemaji kama moshi. Utasogeza kitufe cha Intensity ili uufute, nao utafutika, ila utaondoka na ncha za nywele na kucha za vidole, maana hizo nazo zilikuwa nusu kwa nusu. Ndiyo sababu kitambaa kinapigwa pasi, kinavutwa kwa vibanio vya nguo pande zote hadi kinyooke, na kinachaguliwa cha pamba kisichong'aa. Kile cha kumeremeta kina doa jeupe kila taa inapokigusa, na doa jeupe halina kijani cha kufuta.

Tuingie chumbani sasa. Ni sebule ya kawaida, mita tano kwa nne, makochi yamesukumwa pembeni, na aliyesimama mbele ya simu ni kijana mchambuzi wa mpira, mweusi tititi, kichwa kimenyolewa. Kitambaa kina upana wa mita tatu. Taa mbili ndefu za ledi zimesimamishwa kushoto na kulia, zikikimulika kwa ubavu ili katikati pasizidi pembeni. Mchambuzi anasimama mita mbili mbele ya kitambaa, na taa yake mwenyewe, ya tatu, iko upande wa mbele juu ya usawa wa macho. Akisimama pale, kivuli chake kinaangukia sakafuni badala ya kuangukia kitambaani. Simu iko mbali naye kiasi cha hatua tatu, kwenye stendi, ikitumia kamera kuu ya nyuma. Kitambaa hakijazi fremu, na hakuna haja: alimradi kijani kimzunguke mwili na mikono inapofika, kingo za ukuta zinakatwa baadaye kwa kupunguza fremu.

Huko mita mbili ndiko wengi wanakokosea, tena kwa sababu inayoeleweka. Sebule ni ndogo, kwa hiyo mtu anaegemezwa karibu na kitambaa. Lakini kitambaa kikishamulikwa nacho kimekuwa taa, taa kubwa ya kijani iliyo nyuma ya mtu, inayommwagia rangi yake masikioni, shingoni na mabegani. Akisogea mbele, kinampungukia.

Na ngozi nyeusi ina jambo lake, ambalo maelekezo mengi ya mitandaoni yanalipita kwa kuwa yamepigiwa mfano kwa watu weupe. Ngozi inarudisha mwanga kwa njia mbili. Sehemu moja inaingia ndani kidogo na kutoka na rangi ya ngozi. Nyingine inagonga uso wa juu, wenye mafuta na jasho, na kuruka kama ilivyokuja, na rangi yake ileile. Ngozi nyeusi inameza sehemu kubwa ya ile ya kwanza, kwa hiyo ile ya pili ndiyo inayoonekana zaidi. Kisha mng'ao huo unakuwa mkali pale uso unapopinda kuelekea nyuma, kwenye shavu, taya na utosi, ndiko kitambaa kinakotazama. Mchambuzi wetu alipojiona kwenye simu aliuliza, "Kaka, mbona nimekuwa kama mjusi?" Swali la haki kabisa. Dawa ya kwanza ilikuwa poda isiyong'aa, ya rangi yake, iliyopakwa kwenye utosi na mashavu. Ya pili ilikuwa kupunguza taa za kitambaa. Wengi wanadhani kitambaa kikiwaka sana kinakatika vizuri zaidi, kumbe kijani kilichozidishwa mwanga kinaanza kupauka kuelekea weupe na tofauti inapungua, huku mwanga unaommwagikia mtu ukiongezeka. Uso uwe na mwanga unaolingana na wa kitambaa au kuuzidi kidogo. Simu nayo itashukuru, kwa sababu ikiona kijani kinachowaka inashusha mwanga wa picha nzima na kumzamisha mtu mweusi gizani.

Kijani kidogo kitabaki hata hivyo, na hapo apu ina njia yake ya kukiondoa. Kanuni inayotumika sana ni fupi:

```
G = min(G, (R + B) / 2)
```

Maana yake kijani kisiruhusiwe kuzidi wastani wa nyekundu na bluu. Tuijaribu shavuni. Ngozi safi ilikuwa 110, 78, 58. Wastani wa 110 na 58 ni 84, na 78 iko chini yake, kwa hiyo ngozi safi haiguswi. Ukingo uliomwagikiwa unasomeka, tuseme, 114, 118, 68. Wastani ni 91, kwa hiyo kijani kinashushwa kutoka 118 hadi 91 na taya inarudi kuwa kahawia. Sasa ijaribu kwenye shati la njano, 220, 190, 40. Wastani ni 130. Kijani kinakatwa kutoka 190 hadi 130 ingawa hakuna kilichomwagika, na shati la njano linakuwa la chungwa. Ukiona kitenge kimebadilika rangi kwenye video huku uso ukiwa sawa, usiilaumu simu wala taa. Kanuni hiyo ndiyo iliyopita juu yake, na ni ya kuelekezwa kwenye kingo za mwili tu au kupunguzwa nguvu.

Simu ina udhaifu wake pia. Inapohifadhi video, kwa kawaida inaweka mwanga wa kila nukta lakini rangi inaiweka moja kwa kila kundi la nukta nne. Jicho halioni upungufu huo katika video ya harusi. Anayekata kwa rangi anauona mara moja, ukingo wa sikio umekuwa na meno ya msumeno. Njia rahisi ya kuupunguza ni kurekodi kwa 4K hata kama video itatolewa kwa 1080, kwa kuwa kila nukta ya mwisho inapata rangi yake yenyewe. Zima vilainisha uso na vitia ukungu nyuma, maana vinachezea ukingo uleule unaouhitaji. Funga mwanga na umakini wa kamera: kwenye aifoni bonyeza na kushikilia kidole hadi yatokee maneno AE/AF LOCK. Rangi ya mwanga nayo ifungwe, la sivyo kijani kitabadilika katikati ya sentensi mara msemaji anapoinua mikono. Kwa umeme wetu wa hezi 50, rekodi fremu 25 kwa sekunde na kasi ya kufunga ya 1/50 ili taa zisipepese. Kama msemaji ni wa kurusha mikono, panda hadi 1/100. Mkono wenye ukungu wa mwendo umechanganyika na kijani, na vidole vitatoka kama vya mzimu.

Kabla ya kuweka uwanja nyuma yake, weka rangi nyekundu tupu. Tundu kifuani, moshi pembeni, uzi wa kijani begani, vyote vinajitokeza juu ya wekundu, ilhali juu ya picha ya nyasi za uwanja vingejificha hadi mtazamaji wa kwanza aandike kwenye maoni. Kisha linganisha upande wa mwanga. Kama jua la uwanjani linatoka kushoto na taa ya sebuleni ilikuwa kulia, hakuna ukingo safi utakaomfanya aonekane yuko huko.

Mchambuzi wetu siku hiyo alivaa jezi nyekundu ya Simba, na kwa kitambaa cha kijani huwezi kupata nguo rahisi zaidi. Wiki iliyofuata alitaka kuvaa ya Yanga. Kijani cha jezi kingefutika na uwanja ungeonekana kupitia tumboni mwake, na njano ingegeuka chungwa. Jibu ni kitambaa cha bluu, maana hapo njano na kijani vyote viko mbali na rangi inayofutwa, na bluu ikimwagika kwenye ngozi nyeusi inaonekana kama ubaridi kidogo tu, jambo ambalo jicho linalisamehe. Gharama yake ni mwanga. Bryce Bayer wa Kodak, aliyepata hataza ya mpangilio wa sensa mwaka 1976, alikipa kijani nusu ya vipokezi, nyekundu robo na bluu robo, na kamera nyingi za simu bado zinafuata mgao huo. Bluu inafika na chengachenga zaidi kwenye giza, hasa chini ya taa za manjano zenye bluu kidogo. Kwa hiyo taa ziwe nyeupe, ziongezwe moja kila upande, na mshabiki wa Yanga avumilie joto.