Jengo la Kupangisha Chake Chake na Faida Tatu za Mwaka Mmoja

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 40 huita mali ya uwekezaji jengo au ardhi inayoshikiliwa kwa ajili ya kodi ya pango au kupanda thamani, si kwa matumizi ya mwenyewe, na humruhusu mmiliki kuchagua njia moja kati ya mbili. Kwa njia ya gharama, jengo hubaki katika vitabu kwa bei lililopatikana nayo, likipunguzwa uchakavu kila mwaka. Kwa njia ya thamani ya haki, yaani bei ambayo lingeuzwa sokoni siku ya kufunga hesabu, hakuna uchakavu, bali ongezeko au pungufu la thamani huingia moja kwa moja katika faida ya mwaka.

Kwa mfano, tuseme kampuni ina jengo la maduka Chake Chake, Pemba, lililogharimu shilingi milioni 800 na linalotarajiwa kudumu miaka 40, ambalo kodi yake, baada ya kutoa matengenezo na ulinzi, ni milioni 60 kwa mwaka. Kwa njia ya gharama, uchakavu wa milioni 20 huacha faida ya milioni 40. Kwa njia ya pili, mthamini akigawa kodi hiyo kwa kiwango cha mapato cha asilimia 7, yaani faida ambayo mnunuzi angeitaka kwa fedha yake, hupata milioni 857, na faida hupanda hadi milioni 117; akitumia asilimia 7.5, thamani ni milioni 800 ileile na faida ni milioni 60. Fedha taslimu iliyoingia haikubadilika hata senti moja.

Hapo ndipo ugumu wa Pemba ulipo, kwa kuwa majengo ya biashara huko huuzwa kwa nadra, na mthamini anayekosa mauzo ya kulinganisha hulazimika kuazima kiwango cha Unguja na kukirekebisha kwa makadirio. Mkaguzi makini, kwa hiyo, huuliza kwanza nusu asilimia hiyo imetoka wapi. Iwapo tangu mali inaponunuliwa thamani ya haki haiwezi kupimwa kwa uhakika, Kiwango namba 40 huagiza njia ya gharama. Hata anayeichagua kwa hiari hutakiwa kueleza thamani ya haki katika maelezo ya hesabu, jambo ambalo wengi hulisahau.

Tofauti ya faida kati ya njia hizi mbili, hata hivyo, ni ya wakati tu. Ikiwa thamani ilikuwa milioni 857 mwisho wa mwaka wa kwanza, ikashuka hadi 830 mwisho wa pili, na jengo likauzwa kwa bei hiyo, njia ya thamani ya haki huonesha faida ya 117, kisha 33, na hakuna ziada siku ya mauzo; njia ya gharama huonesha 40, tena 40, halafu 70 za mauzo, kwa kuwa vitabuni jengo limebaki na milioni 760. Jumla zote mbili ni milioni 150, ila bodi iliyogawa gawio kwa kuangalia zile 117 za mwanzo ingekuwa imegawa milioni 57 ambazo hazikuwa benki.