Nani Humkatalia Mzee? Mazingira ya Udhibiti katika Kampuni ya Familia

Mkaguzi akiingia katika kampuni ndogo ya familia na dodoso lililotungwa kwa ajili ya benki, karibu kila swali litajibiwa "hapana". Bodi huru hakuna. Kanuni za maadili hazijaandikwa, mkaguzi wa ndani hayupo, na anayepokea fedha ndiye huyohuyo anayeziandika. Wengi huishia hapo, huandika kwamba udhibiti ni dhaifu, kisha huenda moja kwa moja kuhesabu risiti. Hitimisho hilo linaweza kuwa sahihi, lakini limepatikana kwa njia mbovu, kwa sababu dodoso limeuliza habari za karatasi mahali ambapo udhibiti haukai kwenye karatasi. Katika biashara ya aina hii mazingira ya udhibiti ni mwenendo wa mwenye mali mwenyewe, na mwenendo huo hupimika vizuri zaidi pale yeye au ndugu yake anapovunja utaratibu aliouweka.

Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 315, kilichorekebishwa mwaka 2019, kinataja sehemu tano za udhibiti wa ndani: mazingira ya udhibiti, utaratibu wa kampuni wa kutambua vihatarishi, ufuatiliaji wa udhibiti wenyewe, mfumo wa taarifa na mawasiliano, na shughuli za udhibiti kama vile idhini, usuluhishi wa hesabu za benki na mgawanyo wa majukumu. Katika duka la familia, utambuzi wa vihatarishi na ufuatiliaji kwa kawaida vimo kichwani mwa mwenye mali, na shughuli za udhibiti ni chache kwa sababu watu ni wachache. Ndiyo maana ile sehemu ya kwanza hubeba uzito mkubwa kuliko katika kampuni yenye idara kumi. Kiwango chenyewe kinakubali kwamba katika taasisi ndogo ushahidi wa maandishi unaweza kukosekana, na kwamba mtazamo na vitendo vya mmiliki ndivyo vya kutazamwa. Hata hivyo hakimruhusu mkaguzi atosheke na maelezo ya mdomo. Kile anachoambiwa hana budi kukithibitisha kwa kushuhudia kazi ikifanyika au kwa kupekua nyaraka.

Tuchukue mfano wa kubuni wa kampuni ya vifaa vya ujenzi yenye maduka mawili. Baba ni mkurugenzi, mkwewe ni keshia, mwanawe anasimamia stoo ya duka la pili, na stoo ya duka la kwanza iko chini ya kijana wa kuajiriwa asiye ndugu. Mhasibu huja mara mbili kwa mwezi kuingiza hesabu. Mkurugenzi anamweleza mkaguzi kwamba mauzo yote ya fedha taslimu hupelekwa benki asubuhi inayofuata, wala hakuna anayegusa droo. Mkaguzi anachagua siku kadhaa bila kumwambia mtu ni zipi, na kwa kila siku anaweka pamoja ripoti ya Z ya mashine ya EFD, daftari la keshia na taarifa ya benki. Siku moja ya Ijumaa, baada ya kuondoa mauzo ya mkopo na malipo ya simu, mauzo taslimu ni shilingi 4,860,000, ilhali benki zimeingia 3,900,000. Pengo ni 960,000. Vocha za kushusha saruji na mafuta ya gari zinaeleza 310,000. Kwa 650,000 zilizobaki, keshia ameandika daftarini neno moja: "Mzee".

Hapa ndipo tathmini inapoanza. Baba kuchukua fedha za kampuni yake si ajabu, na kama zingeingizwa katika akaunti ya mkurugenzi hesabu zisingeharibika. Swali ni kilichotokea baada ya kuchukua. Katika leja, mwisho wa mwezi, zile 650,000 zimeandikwa kuwa manunuzi ya bidhaa bila ankara yoyote. Kwa hiyo faida imepungua, kodi imepungua, na uwiano wa faida ghafi ambao mkaguzi angeutegemea kugundua mauzo yaliyofichwa umepotoshwa. Tunaona pia mahali mnyororo ulipokatika. Keshia aliandika ukweli, kisha mtu fulani akamwelekeza mhasibu aandike kitu kingine. Mhasibu anapaswa kuulizwa akiwa peke yake, kwa swali lisilo na mzunguko: nani alikwambia uziweke kwenye manunuzi, na ulimjibu nini?

Jaribio la pili hutoka stoo. Tuseme hesabu ya bidhaa ya katikati ya mwaka ilionyesha mifuko 12 ya saruji imepungua duka la kwanza na 40 duka la pili. Kijana wa kuajiriwa alikatwa mshahara. Upungufu wa mtoto wa nyumbani ulirekebishwa kwa kufuta tarakimu ya zamani na kuandika mpya. Kuhesabu stoo ni shughuli ya udhibiti, na ilifanyika kweli. Dodoso lingeipa alama ya "ndiyo". Lakini matokeo yake yaliwajibisha upande mmoja tu, na kila mfanyakazi pale dukani ameelewa hivyo. Hakuna karatasi ya maadili inayoweza kufuta somo hilo.

Watetezi wa biashara ndogo watasema kwamba mwenye mali yupo dukani kutwa, anamjua kila mteja, na jicho lake linaziba pengo la mgawanyo wa majukumu. Hoja hii ina ukweli. Mkurugenzi anayepitia ripoti ya Z kila jioni, akaitia saini na kuuliza tofauti zilikotoka, anatoa kinga ambayo makampuni makubwa huigharimia sana, na mkaguzi anaweza kuiona kinga hiyo katika saini na katika maswali yaliyojibiwa. Ila jicho hilo linatazama chini tu. Linamzuia keshia na kijana wa stoo. Halimzuii mwenye jicho. Ndiyo sababu Kiwango namba 240 kinachukulia kwamba hatari ya uongozi kuupuuza udhibiti wake wenyewe ipo katika kila taasisi, na kinaagiza mkaguzi apime maingizo ya leja hata anapouamini uongozi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wakaguzi wenyewe: kwa nini kupoteza siku kwenye mazingira, wakati mwishowe kila muamala utakaguliwa? Kwa sababu kinachokaguliwa ni kile kilichoandikwa. Mauzo ambayo hayakutolewa risiti hayaonekani kwa kupekua risiti, hata zikipekuliwa zote. Tathmini ya mazingira ndiyo inayomwambia mkaguzi kama rekodi zinatosha kuaminiwa au atafute ushahidi nje ya duka, kwa mfano kupata uthibitisho wa wasambazaji juu ya mifuko waliyouza, kisha kuulinganisha na mifuko iliyouzwa na iliyobaki stoo. Katika mfano wetu angefanya hivyo, angeshuhudia hesabu ya stoo mwisho wa mwaka badala ya kutegemea ile ya katikati, na angepitia kila ingizo la manunuzi lisilo na ankara.

Dosari kubwa lazima ziandikwe kwa wenye dhamana ya kusimamia kampuni, kwa mujibu wa Kiwango namba 265. Hapa barua hiyo inafika mezani kwa mtu yuleyule inayemzungumzia, jambo lenye kichekesho chake. Na iandikwe vivyo hivyo, ikitaja tarehe, zile 650,000 na akaunti zilikofichwa. Kama mwaka unaofuata fedha anazochukua baba zitakutwa kwenye akaunti ya mkurugenzi, mazingira yamebadilika. Zikikutwa tena kwenye manunuzi, mkaguzi ana sababu ya kutilia shaka uaminifu wa uongozi na kujiuliza kama kazi hiyo aendelee nayo.