Avobenzoni haikai juani peke yake

Chukua chupa mbili za losheni ya kukinga jua. Zote zimeandikwa SPF 50 na zote zina avobenzoni asilimia 3, ila moja imechanganywa na oktinoksati na nyingine na oktokrileni. Ukizipaka saa tatu asubuhi, moja kila mkono, hutaona tofauti. Ikifika saa saba mchana bado huoni kitu, na hapo ndipo tatizo lilipo, kwa sababu mkono mmoja sasa unapitisha UVA nyingi kuliko asubuhi.

Kati ya mionzi ya jua, UVB ndiyo inayobabua, na vichujio vya kuizuia ni vingi. UVA huingia ndani zaidi ya ngozi na hupita hata kwenye kioo cha gari, lakini vichujio vinavyoifikia vizuri ni vichache. Avobenzoni ni kimojawapo: nguvu yake kubwa iko karibu na nanomita 360, katikati kabisa ya eneo la UVA. Ulaya huruhusu hadi asilimia 5 yake, Marekani asilimia 3.

Udhaifu wake umo katika umbo lake. Molekuli inayofanya kazi huitwa enoli: hidrojeni moja imeshikwa na oksijeni mbili kwa pamoja, kama kifungo kinachofunga shati. Ikimeza mwanga, kwa kawaida huutoa kama joto na kurudi ilivyokuwa, tayari kumeza tena. Mara mojamoja kifungo hufunguka, na molekuli hugeuka kuwa keto. Keto haioni UVA tena. Humeza mionzi mifupi zaidi, karibu na nanomita 260. Tena, ikibaki imesisimka kwa muda, hukatika ubavuni mwa oksijeni. Vipande hivyo haviungani tena kuwa avobenzoni.

Oktokrileni huingia hapo. Ni kama mtu anayepokea sufuria ya moto mkononi mwa mwenzake kabla hajaiachia: huchukua nishati ya molekuli iliyosisimka na kuitoa upesi kama joto, bila yenyewe kuvunjika. Sharti liwe jirani. Molekuli mbili zisipokutana kwa wakati, sufuria huanguka. Ndiyo maana watengenezaji wengi huiweka kwa wingi kuliko avobenzoni yenyewe. Bemotrizinoli hufanya kazi hiyohiyo, na juu yake humeza UVA na UVB. Mimi ningeichagua hiyo kwanza pale inapopatikana.

Oktinoksati ni kichujio kizuri cha UVB, lakini ni jirani mbaya. Chini ya jua, avobenzoni hujiunga nayo na kuwa kitu kipya kisichokinga kama zilivyokinga zote mbili. Unapoteza UVA na sehemu ya UVB kwa mpigo.

Sasa hesabu. Tuseme utando wa losheni unapitisha asilimia 10 tu ya mwanga wa nanomita 360, na tuchukulie kwamba kazi yote hapo inafanywa na avobenzoni. Ikiharibika nusu, kinachopita hakiwi asilimia 20, maana uchujaji hauendi kwa mstari ulionyooka. Kinakuwa takriban asilimia 32, zaidi ya mara tatu. Hata ikipotea robo tu, inapita kama asilimia 18.

Maabara hulikamata jambo hili kwa njia rahisi. Losheni hupakwa kwenye kibao cha plastiki chenye mikwaruzo kinachoiga ngozi, hupimwa, huanikwa chini ya taa inayoiga jua, kisha hupimwa tena. Mstari wa kipimo ukizama pale karibu na nanomita 360, avobenzoni imekufa. Kipimo cha UVA cha Ulaya kina hatua hiyo ya kuanika, na losheni inatakiwa kutoa kinga ya UVA isiyopungua theluthi ya SPF yake. SPF yenyewe hupimwa kwa wekundu wa ngozi, na wekundu huletwa hasa na UVB, kwa hiyo namba kubwa kwenye chupa haisemi mengi juu ya UVA.

Kwa ngozi nyeusi, onyo hilo la wekundu ni hafifu tangu mwanzo. Mwenye kutibu madoa ya mashavuni anaweza kumaliza siku bila kuungua popote, huku UVA ikiwa imeamsha rangi upya.

Kwa hiyo pindua chupa usome viambato. Kwenye boksi nyingi za Ulaya avobenzoni hujificha nyuma ya jina refu linaloanza na butili metoksi. Ukiiona pamoja na oktokrileni au bemotrizinoli, ina mlinzi. Ukiiona na oktinoksati bila mlinzi mwingine, irudishe kwenye rafu. Ila mlinzi huyo hazuii jasho wala taulo, na watu wengi hupaka chini ya nusu ya miligramu 2 kwa sentimita mraba zinazotumika kupima SPF. Kupaka tena kila saa mbili huleta avobenzoni mpya na kuziba mapengo ya asubuhi, hata kwa chupa iliyotengenezwa vizuri.