Jedwali, Herufi Nzito na Vichwa Vidogo Katika Baruapepe

Na tuchukue mfano wa katibu wa kamati ya vitabu, aliyetakiwa kuwaarifu wajumbe wenzake bei zilizoletwa na wapiga chapa watatu kwa nakala 1,000 za kitabu kimoja, na kuwaomba jibu kabla ya Alhamisi adhuhuri. Baruapepe yake haikuzidi maneno 250, walakini aliipamba kwa vichwa vidogo vinne, jedwali la safu sita, na herufi nzito mahali saba. Majibu yaliyorudi aghalabu yalikuwa maswali: mjumbe mmoja aliuliza siku ya mwisho ni ipi, na mwingine akauliza ni nani aliyependekezwa, ilhali yote mawili yalikuwamo.

Jedwali ndilo lililomponza zaidi. Kazi yake ni kumwezesha msomaji kulinganisha vitu vya jinsi moja kwa sifa zile zile, jicho likishuka katika safu pasipo haja ya kusoma ibara nzima. Na wapiga chapa watatu, kila mmoja na bei yake na muda wake, wanastahili jedwali bila shaka, kwa kuwa tarakimu hizo zikitiwa ndani ya aya msomaji hulazimika kuzishika kichwani. Wa kwanza, aliye mjini, alitaka shilingi 6,400,000, gharama ya kuvifikisha vitabu ikiwamo, na siku 21. Wa pili alitaka 5,900,000 na siku 40. Wa tatu 6,100,000 na siku 28. Vitabu vilihitajiwa ndani ya siku 30, hivyo wa pili alikwisha kuondoka katika hesabu, na katibu akampendekeza wa tatu.

Lakini wa tatu yu mji mwingine, na kuvileta vitabu vyake kwataka shilingi 250,000 zaidi. Habari hiyo katibu aliitia katika safu ya mwisho, ile ya "Maoni", kwa maneno mawili tu: "usafiri mbali". Jicho linaloshuka katika safu ya bei huona tofauti ya shilingi 300,000 kati ya wa kwanza na wa tatu, nayo tofauti ya hakika ni 50,000. Safu ya maoni karibu daima ni dalili mbaya, kwa sababu hoja hukaa katika viungo vya lugha, kama "ila", "maadamu" na "hata hivyo", na jedwali halina mahali pa kuviweka. Katibu alipoiandika upya baruapepe yake, alijumlisha usafiri ndani ya bei ili safu nzima iwe ya kipimo kimoja, akabakiza safu tatu, yaani jina, gharama yote na siku, kisha akaeleza sababu zake chini yake kwa sentensi za kawaida. Hapo ndipo yeye mwenyewe alipoona kuwa kwa shilingi 50,000 angepata vitabu juma zima mapema, akabadili pendekezo lake.

Safu tatu zina faida nyingine: huenea katika kioo cha simu, ilhali safu sita ama hufinywa hata herufi zisisomeke, ama humlazimu msomaji kuivuta barua huku na huku. Wapo wanaokwepa taabu hiyo kwa kubandika picha ya jedwali, na mtu asiyeona, anayesomewa barua na chombo chake, huenda asiambulie tarakimu hata moja.

Herufi nzito nazo huonekana kwa upweke wao. Mahali saba palipokozwa katika kioo kimoja hapana hata mahali pamoja panaposhika jicho, na ndiyo sababu siku ya mwisho ilipotea. Katibu alibakiza "Alhamisi saa sita mchana", akaondoa uzito katika maneno mengine yote, na hasa katika "tafadhali", ambalo likikozwa husomeka kama karipio. Fauka ya hayo aliihamishia siku hiyo katika sentensi ya kwanza, kwa kuwa baruapepe nyingi hubeba nakala mbili, ya mapambo na ya maandishi matupu iitwayo `text/plain`, na katika hiyo ya pili unene wa herufi hutoweka.

Vichwa vidogo vyote vinne aliviondoa. Kichwa humfaa msomaji atakaye sehemu yake tu, kama mweka hazina ndani ya taarifa ndefu ya mwezi, anayetafuta "Fedha zilizobaki hadi Juni" na kuyaacha mengine. Barua fupi yenye hoja moja husomwa yote, na kichwa "Utangulizi" juu ya mistari miwili huchelewesha tu. Kichwa alichokihitaji kilikuwa mada ya barua yenyewe, akaiandika hivi: "Uamuzi wa mpiga chapa: jibu kabla ya Alhamisi adhuhuri".