Kwa nini chanya moja haitoshi: kipimo cha VVU ndani ya jedwali la mbili kwa mbili

Swali lenyewe ni fupi. Kipimo cha haraka cha VVU kina unyeti wa asilimia 99 na umahususi wa asilimia 98. Katika jamii ambamo mtu 1 kati ya 100 ana maambukizi, mteja amepimwa na kipimo kimeonyesha chanya. Kuna uwezekano gani kwamba kweli ana virusi?

Wengi hujibu asilimia 99, na wengine 98. Jibu sahihi ni 33. Kati ya kila wateja watatu watakaoonyesha chanya kwenye kipimo hicho, wawili hawana virusi. Namba zilizo kwenye swali si za kubuni ili kumtega mwanafunzi: asilimia 99 na 98 ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani hudai kabla ya kuidhinisha kipimo cha haraka cha VVU. Kipimo ni kizuri. Tatizo liko katika namna tunavyolisoma jibu lake, na njia ya uhakika ya kulisoma ni kuchora jedwali la mbili kwa mbili.

Usianze na asilimia. Anza na watu. Chukua wateja 10,000, idadi kubwa ya kutosha kukuepusha na vipande vya watu. Ikiwa mmoja kati ya 100 ana maambukizi, basi 100 wana VVU na 9,900 hawana. Andika jumla hizo mbili chini ya safu zake kabla ya kugusa kitu kingine. Hapo ndipo unyeti unapoingia, na unaingia kwenye safu ya kwanza tu: kati ya 100 wenye virusi, kipimo kinawaona 99 na kumpita 1. Umahususi nao unaingia kwenye safu ya pili tu: kati ya 9,900 wasio na virusi, asilimia 98, yaani 9,702, wanapata hasi kama inavyostahili, na 198 waliobaki wanapata chanya ya uongo. Mwisho jumlisha kwa mlalo.

| | Wana VVU | Hawana VVU | Jumla |
|---|---|---|---|
| Kipimo chanya | 99 | 198 | 297 |
| Kipimo hasi | 1 | 9,702 | 9,703 |
| Jumla | 100 | 9,900 | 10,000 |

Sasa jedwali linasomeka kwa njia mbili, na makosa mengi hutokea kwa kuchanganya njia hizo. Ukisoma kutoka juu kwenda chini, unaanza na watu ambao hali yao tayari inajulikana, kisha unauliza kipimo kilisema nini juu yao. Huo ndio unyeti, 99 kati ya 100, na huo ndio umahususi, 9,702 kati ya 9,900. Ni maswali ya mtengenezaji wa kipimo. Ukisoma kwa mlalo, unaanza na jibu la kipimo, kisha unauliza hali ya mtu. Hilo ndilo swali la mteja aliyekaa mbele ya mshauri. Kwenye mlalo wa chanya kuna watu 297, na wenye virusi ni 99. Ukigawa 99 kwa 297 unapata thamani bashiri chanya, asilimia 33.

Mlalo wa hasi unafurahisha zaidi: kati ya 9,703, mmoja tu ana virusi, kwa hiyo thamani bashiri hasi ni asilimia 99.99. Lakini namba hiyo isikulevye. Hebu fikiria kipimo kibovu kabisa, kinachosema hasi kwa kila mtu. Katika jamii hii, kati ya watu 10,000 watakaoambiwa hasi, 9,900 hawana virusi kweli, na thamani bashiri hasi inatoka asilimia 99. Pale ugonjwa unapokuwa adimu, jibu la hasi huwa na uzito hata kabla kipimo hakijafanya kazi yoyote. Mtahini akikuonyesha thamani bashiri hasi iliyo juu sana, kwanza angalia ukubwa wa maambukizi, ndipo ukisifu kipimo.

Tubadilishe kitu kimoja tu. Bukoba mjini, utafiti wa mwaka 1987 ulikuta karibu robo ya watu wazima wana VVU. Tuchukue asilimia 20, na kipimo kibaki kilekile. Sasa wenye virusi ni 2,000, na kipimo kinawaona 1,980. Wasio na virusi ni 8,000, na chanya za uongo ni 160. Mlalo wa chanya una watu 2,140, na thamani bashiri chanya inapanda hadi asilimia 92.5. Unyeti haukubadilika wala umahususi haukubadilika. Kilichobadilika ni aina ya watu walioingia mlangoni.

Hapa ndipo jedwali linapoeleza jambo lililotokea kweli katika vituo vyetu. Kwa miaka mingi nchi nyingi zenye maambukizi makubwa zilitumia mpango wa vipimo viwili: aliyeonyesha chanya kwenye cha kwanza alipimwa kwa cha pili, cha aina nyingine, na vikikubaliana alipewa jibu la chanya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zote zihamie kwenye vipimo vitatu vinavyofuatana ndipo mtu aambiwe ana VVU. Lengo ni kwamba kati ya wanaoambiwa hivyo, angalau asilimia 99 wawe na virusi kweli.

Fuata hesabu. Kipimo cha pili hakipewi wateja wote 10,000, bali wale 297 wa mlalo wa chanya, kwa hiyo thamani bashiri chanya ya kipimo cha kwanza inageuka kuwa kiwango cha maambukizi cha kundi linalofuata. Tukichukulia kwamba kipimo cha pili nacho kina asilimia 99 na 98, kati ya wale 99 wenye virusi kitaona 98, na kati ya wale 198 wasio na virusi kitakosea kwa 4. Chanya kwenye vyote viwili ni watu 102, na 98 kati yao wana virusi: asilimia 96. Maana yake ni kwamba watu 4 wasio na virusi wangeambiwa wanavyo na kuanzishiwa dawa za maisha. Kipimo cha tatu kinawapunguza hao wanne hadi chini ya mmoja.

Ukirudia hesabu hiyo kwa viwango vitatu vya maambukizi, thamani bashiri chanya inakuwa hivi:

| Maambukizi | Kipimo 1 | Vipimo 2 | Vipimo 3 |
|---|---|---|---|
| 20% | 92.5% | 99.8% | zaidi ya 99.9% |
| 5% | 72.3% | 99.2% | zaidi ya 99.9% |
| 1% | 33.3% | 96.1% | 99.9% |

Tazama mstari wa katikati. Kwenye asilimia 5 vipimo viwili vinavuka lengo la asilimia 99 kwa upenyo mdogo, na ukishuka chini ya asilimia 4 hivi havitoshi tena. Ndiyo maana mwongozo wa zamani wa Shirika la Afya Duniani uliweka mpaka wa kutumia vipimo viwili kwenye asilimia 5. Uchunguzi wa kitaifa wa Tanzania wa 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Zaidi ya hayo, wengi wa hao tayari wanajijua na wako kwenye dawa, hivyo hawaji tena kupimwa. Kwa hiyo kiwango cha kuweka kwenye jedwali ni cha wale wanaokaa kwenye kiti cha kupimwa bila kujua hali yao, na hicho ni kidogo kuliko kinachotangazwa kwa nchi nzima. Mpango wa vipimo viwili haukuwa kosa ulipoanzishwa. Mafanikio ya tiba ndiyo yaliyoupunguzia nguvu.

Hesabu hii ina sharti moja kubwa: makosa ya kipimo cha pili yasifuate makosa ya cha kwanza. Chanya ya uongo mara nyingi ina chanzo ndani ya damu ya mtu mwenyewe, kingamwili zinazoshikana na protini iliyopakwa kwenye kitepe ingawa hazikutokana na VVU. Kama vipimo viwili vimepakwa protini zinazofanana, mtu huyohuyo atapata chanya kwenye vyote viwili, na wale 198 hawatapungua hadi 4. Ndiyo sababu mpango mzuri huchagua vipimo visivyoelekea kukosea kwa mtu mmoja. Kurudia kipimo kilekile husaidia kugundua uzembe wa mpimaji, lakini hakuongezi uhakika juu ya damu. Pale kipimo cha tatu kinapokataa baada ya viwili kukubali, jibu huandikwa kuwa halijaamuliwa, na mteja hurudi baada ya siku 14.

Mtego mwingine uko kwenye jedwali lenyewe. Tuseme maabara imetathmini kipimo kwa sampuli 200 zenye virusi na 200 zisizo navyo, ikapata chanya za kweli 198 na chanya za uongo 4. Ukigawa 198 kwa 202 unapata asilimia 98, na wanafunzi wengi huiandika kama thamani bashiri chanya. Haiwezi kutumika kituoni. Nusu ya sampuli zina virusi kwa sababu maabara ilizichagua hivyo, si kwa sababu jamii iko hivyo. Jedwali la namna hii lisomwe kutoka juu kwenda chini tu: linatoa unyeti wa asilimia 99 na umahususi wa asilimia 98, na hapo limemaliza kazi yake. Kwa mlalo, jenga jedwali jipya lenye kiwango cha maambukizi cha mahali husika.

Mshauri kituoni anaweza kuitumia hesabu hiihii kwenye rejesta yake. Akiona kwamba wengi wanaopata chanya kwenye kipimo cha kwanza wanakataliwa na cha pili, anaweza kudhani vitepe vimeharibika. Badala ya kuwalinganisha hao waliokataliwa na idadi ya chanya, awalinganishe na idadi ya waliopimwa. Kwa umahususi wa asilimia 98, wateja 500 wasio na virusi watatoa chanya za uongo zipatazo 10, na hilo ni la kutarajiwa hata kama chanya za kweli mwezi huo ni 5 tu. Zikifika 25, hapo kuna jambo la kutafutwa: tarehe ya mwisho ya matumizi, joto la stoo, au mpimaji anayesoma kitepe baada ya muda ulioandikwa kwenye maelezo yake, wakati mstari hafifu umeshajitokeza wenyewe.