Kitenzi Kisicho na Mwenyewe

Hapa Mwiki, upande wa Ruiru, kuna mwalimu mstaafu ambaye jioni huletewa karatasi za mazoezi na watoto wa ploti. Hasahihishi haraka. Sentensi ikimtatiza, anaifunika kwa rula, anafunua neno moja moja, na kila kitenzi anakiuliza: wewe ni wa nani? Nimekaa kwenye kiti chake cha plastiki mara nyingi nikimtazama, na naamini ufundi huo unapotea tukiwa macho.

Siku moja alikuwa na swali la kuchagua sentensi iliyo wazi zaidi. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: “Baada ya kupikwa vizuri, wageni walikula pilau.” Majibu yalikuwa manne:

A. Wageni, baada ya kupikwa vizuri, walikula pilau.
B. Wageni walikula pilau baada ya kupikwa vizuri.
C. Wageni walikula pilau iliyopikwa vizuri.
D. Wageni walipika pilau vizuri wakaila.

Msichana wa darasa la nane alikuwa amechagua B. Mwalimu hakumkosoa. Aliweka kidole kwenye “kupikwa” akamwuliza nani amepikwa. Msichana akacheka, akasema pilau, bila shaka. “Imeandikwa wapi?” Hapo akanyamaza. Katika B pilau imesogezwa karibu na “kupikwa”, lakini kukaa karibu si kumiliki. Kitenzi “kupikwa” hakina kiambishi cha kumtaja mtenda wala mtendwa, kwa hiyo kinaning’inia hewani na kumdaka yeyote aliye mbele, na hapa aliye mbele ni mgeni. Jibu A halijarekebisha lolote, limewasogeza tu wageni hadi chunguni. C ndiyo jibu, kwa sababu ile i- ya “iliyopikwa” inaishika pilau moja kwa moja na wageni hawawezi kuichukua.

Alikawia zaidi kwenye D. Sarufi yake ni safi, haina kinachoning’inia, nayo ni rahisi kusomeka. Ila imewapa wageni kazi ya jikoni ambayo sentensi ya kwanza haikuwapa. Aliyeitunga alijua kwamba mtoto akishaogopa kosa la kwanza atakimbilia chochote kilichonyooka. Basi mwalimu hupima mara mbili: kwanza anatafuta mwenye kitenzi, kisha anauliza kama habari imebaki ile ile. Jibu linaloshinda mtihani wa kwanza pekee halijashinda.

Kiswahili kimetupa ulinzi ambao wengi hatuuoni. Ukisema “Akishuka, matatu iliondoka,” hakuna atakayedhani matatu ndiyo iliyoshuka. A- na i- zinatengana zenyewe. Ulinzi huo huanguka pale wote wawili wanapokuwa wa ngeli ya A-WA. “Akishuka kwenye matatu, kondakta alimwona mzee.” Nani alikuwa akishuka? Ukisema “Kondakta alimwona mzee akishuka kwenye matatu,” mzee amepata kitenzi chake bila kuongezwa neno hata moja.

Kuna mahali kusogeza hakusaidii. “Mtoto wa jirani aliyepotea” ni mfano ambao mwalimu huurudia. Gari la jirani lililopotea halimsumbui mtu, kwa kuwa li- imeshasema kila kitu. Lakini mtoto ni wa A-WA na jirani pia, na “mtoto aliyepotea wa jirani” inakwaza masikio. Hapo yeye huivunja sentensi yote na kuanza upya: “Mtoto wa jirani amepotea, tunamtafuta.” Niliwahi kuona tangazo la aina hiyo limebandikwa kwenye nguzo ya stima, lina “aliyepotea” ile ile ya kutatanisha, na watu wawili wamesimama chini yake wakibishana kama anayetafutwa ni mama au mwanawe. Picha ilikuwa imeoshwa na mvua.

Mtihani wa KCPE, uliokuwa na maswali ya kuchagua kama lile la pilau, ulifanywa mara ya mwisho 2023. Sikuupenda kwa mengi. Ila mtunzi alilazimika kubuni makosa matatu yenye sura ya ukweli, na kubuni kosa zuri kunataka kuijua lugha kuliko kuandika jibu. KCSE bado ina alama 40 za matumizi ya lugha katika karatasi ya pili, na watahiniwa huulizwa humo maana mbili za sentensi tata, jambo jema. Lakini karatasi zinazozunguka saiba za mtaani siku hizi huja na ukurasa wa majibu ulioandikwa herufi tupu: 31 C, 32 A, 33 D. Watoto huzinakili, hupata alama zao, wakaenda zao. Kwa nini D iliwekwa pale, nani aliyefikiriwa ilipotungwa, na kwa nini B ilimvuta mtoto mwerevu, hayo hayapigwi fotokopi.