Bei ya kubofya imeshuka, gharama ya oda imepanda

Ukiandika `pampu ya maji` katika Google Ads bila alama yoyote, umechagua mlingano mpana, ujue usijue. Ukilifungia neno hilo katika alama za mtajo, `"pampu ya maji"`, umechagua mlingano wa fungu la maneno. Ukitumia mabano ya mraba, `[pampu ya maji]`, huo ni mlingano kamili. Hata huo kamili si kamili tena kama jina lake: tangu 2018 Google huupeleka pia kwa maneno yenye maana ileile. Mlingano mpana huenda mbali zaidi. Mfumo hukisia mtafutaji anataka nini, ukitazama ukurasa unakompeleka, maneno mengine yaliyomo katika kundi hilo la matangazo, na hata mambo aliyoyatafuta muda mfupi uliopita.

Tuchukue duka la mfano linalouza pampu za visima na za umwagiliaji, lenye faida ya shilingi 30,000 kwa kila pampu. Mwezi wa kwanza lilitumia mlingano kamili na wa fungu la maneno tu. Lilipata mibofyo 600 kwa wastani wa shilingi 500, yaani shilingi 300,000, na oda 30. Kila oda iligharimu shilingi 10,000. Bajeti ya siku ilikuwa 18,500, na kila siku ilibaki.

Mwezi wa pili likaongeza mlingano mpana bila kugusa bajeti. Mibofyo ikafika 1,500, matumizi 560,000, oda 37. Wastani wa bei ya kubofya ukashuka hadi shilingi 373. Hapa ndipo mwenye duka hupewa ripoti yenye mshale wa kijani: mibofyo zaidi ya mara mbili, bei chini, oda juu. Oda moja imegharimu shilingi 15,135, ambayo ni kama nusu tu ya faida. Nani alalamike?

Wastani huo umechanganya maneno ya aina mbili. Ukifungua ripoti ya `Search terms`, ambayo huonyesha watu waliandika nini hasa, unaweza kuyatenga yale yaliyokuwa yakileta mibofyo tangu mwezi wa kwanza na yaliyoingia na mlingano mpana. Katika duka letu, maneno ya zamani yalileta mibofyo 500 kwa shilingi 520, jumla 260,000, na oda 25. Maneno mapya yalileta mibofyo 1,000 kwa shilingi 300, jumla 300,000, na oda 12. Kwa hiyo hakuna bei iliyoshuka. Bei ya mibofyo ya zamani imepanda kidogo, na kando yake imerundikwa mibofyo ya bei poa kwa sababu washindani wachache huigombea katika mnada. Mara nyingi hawaigombei kwa sababu haiuzi.

Lakini kosa la uchambuzi ni kuishia hapo na kusema oda ya maneno mapya ni shilingi 25,000, bado kuna faida. Oda za zamani zimepungua kutoka 30 hadi 25. Bajeti ni moja, na maneno mapya yalikuwa yanaimaliza saa nane mchana, kabla ya mteja anayetafuta pampu jioni baada ya kazi. Ishara yake ipo katika safu ya `Search lost IS (budget)`: ilikuwa sifuri mwezi wa kwanza, sasa si sifuri. Hesabu ya haki ni ya nyongeza kwa nyongeza. Matumizi yameongezeka kwa shilingi 260,000, oda zimeongezeka 7. Kila oda ya ziada imegharimu shilingi 37,143, kwa pampu yenye faida ya 30,000. Duka limelipa ili lipate hasara, na ripoti ya wastani imeificha.

Basi tuingie ndani ya zile shilingi 300,000. Shilingi 75,000 zililiwa na maneno kama `pampu ya maji ya gari` na `water pump ya noah`, oda sifuri. Shilingi 60,000 zilikwenda kwa wanaotafuta fundi au jinsi ya kutengeneza pampu iliyokufa, sifuri tena. Shilingi 110,000 zilileta oda 9 kupitia maneno ambayo mwenye duka hakuwahi kuyafikiria: `mashine ya kumwagilia bustani`, `pampu ya sola ya kisima`. Hizo ni kama shilingi 12,200 kwa oda, biashara safi kabisa. Shilingi 55,000 zilizobaki, zenye oda 3, hazionekani popote. Tangu 2020 Google haionyeshi maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno, kwa hiyo sehemu hiyo huipati ila kwa kutoa: gharama yote ya neno kuu, toa jumla ya maneno unayoyaona.

Mkono wa kwanza hukimbilia kuzuia neno `gari`. Polepole. Mwenye sehemu ya kuoshea magari huandika `pampu ya kuoshea gari`, na huyo ni mteja mzuri. Zuia fungu `"ya gari"`: litaikamata `pampu ya maji ya gari` na kumwacha muosha magari apite. Kumbuka pia kwamba maneno ya kuzuia hayana ukarimu wa mlingano mpana. Hayatambui wingi wala visawe. Ukizuia `"ya gari"`, `ya magari` bado inaingia. Lazima uiandike nayo, pamoja na `noah` na majina mengine ya magari.

Shida kubwa zaidi iko kwenye kile mfumo unachoambiwa kuwa ni ushindi. Google hushauri mlingano mpana uende pamoja na zabuni za kiotomatiki, zinazojifunza ni mtafutaji yupi hununua. Ila maduka yetu mengi huhesabu kubonyeza kitufe cha WhatsApp kuwa ndiyo mauzo. Mwenye Noah naye hubonyeza, huuliza “mnazo za Noah?”, huambiwa hapana, anaondoka. Kwenye mfumo ameandikwa mteja, na kesho mfumo utawatafuta wenzake kwa bidii na kuwalipia zaidi. Dalili ni rahisi kuiona: “mauzo” ya Google Ads yanapanda huku daftari la dukani limelala. Dawa ni kuhifadhi `gclid` ya kila mbofyo, kuifungamanisha na namba ya oda, kisha kurudisha kwenye akaunti zile tu zilizolipiwa.

Maneno yale yaliyoleta oda 9 yaandikwe kwa mabano ya mraba. Mtu akiandika neno lililo sawasawa na lako la mlingano kamili, hilo ndilo hupewa nafasi mbele ya mlingano mpana, isipokuwa kampeni yake ikiwa imebanwa na bajeti. Kwa sababu hiyo mlingano mpana uhamishiwe kampeni yake yenye bajeti yake ndogo, usile tena chakula cha jioni cha wenzake.

Kwa duka hili, mlingano mpana ubaki kama wavu wa kuvulia maneno mapya, na bajeti yake isiongezwe hata shilingi moja hadi gharama ya oda ya ziada ishuke chini ya 30,000.